Mfuko Wenu "Umeshinda Soko"? Leteni Namba ya t

Wasee, kuna sentensi moja imenichosha. "Mfuko wetu umeshinda soko." Utaipata kwa TikTok, utaipata kwa bango pale Mombasa Road, utaipata kwa mdomo wa jamaa wa suti aliyekuja kwa mkutano wa chama chetu mwezi uliopita akiwa na laptopu na slaidi kumi na mbili. Watu walipiga makofi. Mimi nikauliza swali moja tu, na kutoka siku hiyo naitwa mchawi wa chama.

Swali lilikuwa hili: alfa ni ngapi, na kosa lake sanifu ni ngapi?

Kabla mnitukane, ndio, mimi ndiye yule aliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, nikatoka. Lakini kabla nitoke nilikuwa nimefundishwa rigresheni, na hiyo hakuna mtu aliniambia nirudishe getini. Kwa hivyo tulieni, tuifanye pamoja. Chama chetu kina watu 14 na akiba ya shilingi 420,000, na hiyo doo si ya kuchezewa na slaidi.

Jamaa wa suti alikuwa anauza mfuko wa hisa. Slaidi yake ya nne ilisema hivi: kwa miezi 36, mfuko umeshinda soko la Nairobi kwa wastani wa nusu asilimia kila mwezi. Hiyo ni kama asilimia 6 kwa mwaka juu ya soko. Inasikika tamu, na simwiti mwongo. Hesabu yake ilikuwa sawa. Shida ni kwamba alijibu swali ambalo halitusaidii.

Fikiria dere wa mathree anayetoka Limuru akielekea Nairobi. Anakanyaga mafuta kwa mteremko, anapita kila mtu, halafu anakuambia, "Umeona injini yangu?" Buda, hiyo ni mteremko. Kama unataka kujua injini, nionyeshe barabara tambarare. Na usisahau kuniambia gari linakuwaje likipanda mlima.

Mfuko wa hisa uko hivyo. Meneja akinunua hisa zinazoruka kuliko zingine, soko likipanda atapanda zaidi, na soko likianguka ataanguka zaidi. Kipimo cha huko kuruka kinaitwa beta. Beta ya 1 inamaanisha unatembea na soko sawasawa. Beta ya 1.3 inamaanisha soko likipanda asilimia 1, wewe kwa kawaida unapanda 1.3, na likishuka 1, unashuka 1.3. Huko si kujua kazi. Huko ni kubeba hatari zaidi. Alfa ndiyo kinachobaki ukishatoa mteremko: kile mfuko unapata kwa wastani soko likiwa tambarare kabisa.

Kuipata unahitaji safu tatu za namba, kila moja ya mwezi kwa mwezi: faida ya mfuko, faida ya soko, na riba ya tibili za serikali, zile za siku 91 ambazo Benki Kuu huuza kila wiki. Tibili iko hapo kwa sababu ndiyo pesa unayopata bila kujisumbua na hisa. Unaitoa kwa pande zote mbili, kwa mfuko na kwa soko, ndio ubaki na malipo ya kubeba hatari peke yake. Na chunga kitu kimoja: riba ya tibili hutangazwa kwa mwaka. Ukisoma 12, hiyo ni asilimia 12 kwa mwaka, kwa hivyo kwa mwezi unatoa kama 1. Ukitoa 12 kila mwezi, kila mfuko Kenya utaonekana umeibiwa.

Ukishatoa, mchoro ni huu:

```
(mfuko - tibili) = alfa + beta x (soko - tibili) + kelele
```

Kila mwezi ni nukta moja kwa grafu. Soko liko chini kwa mlalo, mfuko uko kwa wima. Rigresheni inapitisha mstari katikati ya nukta 36. Mwinamo wa mstari ndio beta. Mahali mstari unakata pale soko ni sifuri ndipo alfa ilipo. Kelele ni umbali wa kila nukta kutoka kwa mstari, yaani mambo ya mwezi huo ambayo soko halielezi.

Nilimwomba jamaa namba za mwezi kwa mwezi. Alisita, lakini mweka hazina wetu ni mama hapendi mchezo, akamwambia bila namba hakuna mkutano wa pili. Faili ikaja. Nimezizungusha namba hapa kidogo ili usijue ni mfuko gani, lakini hadithi ni ileile. Nilifungua Google Sheets kwa simu, nikaweka soko safu ya B na mfuko safu ya C, zote zikiwa zimeshatolewa tibili, nikaandika:

```
=LINEST(C2:C37, B2:B37, TRUE, TRUE)
```

Hiyo fomula inakurudishia kisanduku cha namba. Mistari mitatu ya juu ilikuwa hivi:

```
1.30   0.20
0.10   0.51
0.83   3.00
```

Mstari wa kwanza: beta ni 1.30, alfa ni 0.20 asilimia kwa mwezi. Soko lilikuwa limepata wastani wa asilimia 1 kwa mwezi juu ya tibili, mfuko 1.5. Hapo ndipo ile nusu asilimia ya slaidi ilitoka. Sasa toa mteremko: 1.3 mara 1 ni 1.3. Kwa 1.5 inabaki 0.2. Kwa hivyo ule ushindi wa 0.5, sehemu ya 0.3 ilikuwa ni kukanyaga mafuta kwa mteremko. Ushindi wa asilimia 6 kwa mwaka umekuwa kama 2.4, na bado hatujafika kwa swali gumu.

Swali gumu liko kwa mstari wa pili. Hiyo 0.51 iliyo chini ya alfa ndiyo kosa lake sanifu. Inakuambia hivi: kama tungepewa miezi mingine 36 ya mfuko uleule, na meneja yuleyule, alfa tungepata ingeyumba kwa kiasi gani kwa sababu ya bahati tu. Angalia vizuri. Alfa ni 0.20, na kuyumba kwake ni 0.51. Kuyumba ni mara mbili na nusu ya kitu chenyewe. Gawa ya kwanza kwa ya pili unapata 0.39. Hiyo ndiyo namba ya t.

Kwa miezi 36, ili useme kwa ujasiri wa kawaida kwamba alfa si bahati, t inafaa ifike kama 2. Sisi tuko 0.39. Kama meneja huyu hana ujuzi wowote, yaani alfa yake ya kweli ni sifuri, bado ungeona alfa iliyo mbali na sifuri kiasi hiki au zaidi, juu au chini, kama mara 7 kati ya 10. Hiyo ndiyo slaidi ya nne iliyopigiwa makofi.

Niliposema hivi kwa grupu ya WhatsApp ya chama, jamaa wa suti alijibu haraka. Alisema, "Kijana, hujathibitisha kwamba hatuna alfa." Na hapo alikuwa sahihi, nampa haki yake. Ukichukua 0.20 ukaongeza na kutoa kama mara mbili ya kosa sanifu, unapata kutoka hasi 0.8 mpaka chanya 1.2 kwa mwezi. Alfa ya kweli inaweza kuwa popote hapo ndani. Anaweza kuwa fundi mkali, anaweza kuwa anatupotezea karibu asilimia 10 kwa mwaka. Data yake haitofautishi hao watu wawili. Kwa hivyo mimi sisemi hana ujuzi. Nasema hajui kama ana ujuzi, na amekuja kwetu na suti kama anayejua. Anayeuza ndiye anafaa kuleta ushahidi. Si mimi nithibitishe kwamba samaki ameoza, wewe ndiye unauza samaki.

Halafu akaingia msee mmoja wa chama, yule anapenda kusoma vitu nusu. Akasema, "Miezi 36 ni michache. Tumia namba za kila siku, utapata nukta zaidi ya 700, t itapanda." Hii ni akili ya kupotea kabisa, na inapoteza watu wengi, kwa hivyo tuipe nafasi.

Ukienda kwa siku, ndio, nukta zinaongezeka mara 21 hivi. Lakini alfa ya siku moja nayo ni ndogo mara 21: 0.20 inakuwa kama 0.0095. Kelele ya siku haipungui mara 21, inapungua kwa kipeuo cha pili cha 21, kama mara 4.6, kutoka 3.00 hadi kama 0.65. Gawa hiyo kwa kipeuo cha nukta 756, kosa sanifu linakuwa kama 0.024. Sasa 0.0095 kwa 0.024 ni nini? 0.4. Umerudi palepale. Namba za kila siku zinakusaidia kujua beta vizuri zaidi. Alfa hazikusaidii. Alfa haijali umeikata miaka mitatu vipande vingapi. Inajali miaka ni mingapi.

Na miaka inayohitajika inatisha. Kelele ya mfuko huu ni 3.00 kwa mwezi, ile namba ya mwisho kwa kisanduku. Ili alfa ya 0.20 ifike t ya 2, kosa sanifu linafaa lishuke hadi 0.10, na hiyo inataka miezi kama 900. Miaka 75, wasee. Meneja atakuwa amezikwa, na sisi pia. Hata kama alfa ya kweli ingekuwa 0.50 kwa mwezi, ambayo ni kubwa sana, bado ungengoja kama miaka 12. Ndio maana mtu akikuonyesha miaka mitatu na kukuambia ameshinda soko, jibu lako si "wow." Jibu lako ni "na kelele ni ngapi?"

Hii si kitu nimeota mimi. Mwaka 1968 mwanauchumi wa Marekani, Michael Jensen, alichukua mifuko 115 ya huko, data ya kutoka 1945 hadi 1964, akapitisha rigresheni hii hii. Alfa ya wastani baada ya gharama ilikuwa hasi, kama asilimia 1.1 kwa mwaka. Na hakupata ushahidi wa maana kwamba kuna mfuko hata mmoja ulifanya vizuri kuliko vile bahati peke yake ingeweza kuleta. Ndio maana mpaka leo kuna watu huiita alfa ya Jensen. Watu wamejua hii mambo kabla wazazi wetu wazaliwe, na bado slaidi ya nne inapigiwa makofi Nairobi.

Tuseme sasa mtu analeta t ya 2 kweli. Bado uliza swali lingine: umechagua huu mfuko kutoka kwa mingapi? Ukiwa na mifuko 40 isiyo na ujuzi wowote, kwa bahati tu utatarajia kama mmoja upite 2 upande wa juu. Kampuni itaweka huo mmoja kwa bango. Ile 39 haina bango.

Sasa sikiliza hii, kwa sababu hapa ndipo niliudhika kabisa. Baada ya kelele zangu, jamaa alileta mfuko wa pili. Huu ni mfuko mseto, nusu hisa nusu vitu vingine. Na mara hii alikuja na rigresheni imeshafanywa ofisini kwao: beta 0.4, alfa 0.70 kwa mwezi, kosa sanifu 0.27, t ya 2.6. Grupu ikanyamaza. Mtu mmoja akaniwekea emoji ya kuku.

Nikaomba safu za namba. Hawakuwa wametoa tibili. Waliweka faida ghafi ya mfuko na faida ghafi ya soko, wakapitisha mstari.

Ona kinachotokea hapo. Chukua mtu anaweka asilimia 40 ya pesa kwa soko zima na 60 kwa tibili, halafu analala. Hachagui hisa hata moja. Beta yake ni 0.4. Kila mwezi anapata 0.4 ya soko, na juu yake 0.6 ya riba ya tibili. Usipotoa tibili, hiyo 0.6 ya riba inaenda kukaa pale mstari unapokata, na kompyuta inaiita alfa. Kwa miezi yao 36 tibili ilikuwa wastani wa kama 12 kwa mwaka, yaani 1 kwa mwezi. Kwa hivyo 0.60 ya ile alfa ya 0.70 ilikuwa tibili tu. Inabaki kama 0.10, t ya 0.4 hivi. Mapema 2024, riba ya siku 91 ilipopita asilimia 16, mtu wa kulala na beta ya 0.4 angeonekana ana "alfa" ya karibu asilimia 10 kwa mwaka. Na tibili unaweza kununua mwenyewe kwa simu, kupitia DhowCSD ya Benki Kuu.

Kibaya zaidi, alfa feki ya aina hii huwa na t nzuri. Tibili haiyumbi, kwa hivyo inasukuma mstari juu kila mwezi kwa kiasi karibu kilekile. Namba ya t haijui umesahau kutoa kitu. Inakuambia tu kwamba kile kimebaki hapo si bahati. Na kweli haikuwa bahati. Ilikuwa serikali ikilipa riba. Dalili ya kuangalia ni hii: beta iko chini sana ya 1, alfa ni kubwa, na ukijumlisha unaona alfa iko karibu na riba ya tibili mara ile sehemu isiyo kwa soko. Ukiona hivyo, uliza walitoa nini.

Na nikisema ukweli wao, niseme na wangu. Hesabu yangu ya mfuko wa kwanza nayo ilikuwa na kosa. Kwa soko nilitumia NASI, ile fahirisi ya hisa zote za NSE. NASI inafuata bei tu, haihesabu gawio. Mfuko, kwa upande wake, unapokea gawio na kulihesabu kwa faida yake. Kwa hivyo nilikuwa nimelinganisha mtu aliyekula na mtu aliyenyimwa sahani. Tukisema kwa mfano gawio la soko ni asilimia 3 kwa mwaka, hiyo ni 0.25 kwa mwezi. Ukizidisha na beta ya 1.3 unapata kama 0.33, na hiyo yote inafaa itoke kwa alfa. Ile 0.20 inakuwa hasi 0.13. Yaani kosa langu lilikuwa linampendelea jamaa, na bado alikuwa hapiti.

Kwa hivyo ukiwa kwa chama, au ni doo yako ya kwanza ya kazi, na mtu amekuja na "tumeshinda soko," mwambie akupe faida za mwezi kwa mwezi, zote, bila kuruka miezi mibaya. Hakikisha tibili imetolewa pande zote mbili, na gawio limehesabiwa pande zote mbili. Halafu soma vitu vitatu tu: beta, alfa, na alfa ukigawa kwa kosa lake sanifu. Kama hataki kukupa namba, hilo pia ni jibu.

Mnataka kujua chama kiliamua nini? Nilipigiwa kura nikashindwa, tisa kwa watano. Watu walisema jamaa anaongea vizuri na mimi naongea kama mtihani. Tuliweka nusu, shilingi 210,000, kwa mfuko wa kwanza. Ada ya kuingia ilikuwa asilimia 3, na hiyo haikuwa ndani ya faida za ile slaidi. Siku ya kwanza, kabla soko lifunguliwe, shilingi 6,300 zilikuwa zimeenda.

Hiyo 6,300 haihitaji miaka 75 kuthibitishwa. Kosa lake sanifu ni sifuri.